Barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali yetu: trei zetu hazina namba ya mwanzo

Kwa Mganga Mkuu, Muuguzi Mkuu, Katibu wa Hospitali na wajumbe wote wa Kamati ya Uendeshaji,

Waheshimiwa, pokeeni salamu zangu. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na wengi wenu mnanifahamu. Nimelileta jambo hili kwenye vikao vya idara zaidi ya mara moja, na kila mara limejibiwa kwa sentensi moja: “Hesabu zinafanyika, fomu zinajazwa.” Ni kweli fomu zinajazwa. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba fomu inaweza kujazwa vizuri kabisa, sahihi mbili zikawekwa chini, na bado hakuna mtu hata mmoja thietani aliyejua trei ilikuwa na vifaa vingapi ilipofunguliwa.

Nitazungumzia vifaa vya chuma vya kwenye trei tu. Najua gozi ndizo husahaulika tumboni mara nyingi zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulichunguza wagonjwa 54 walioachiwa vitu mwilini, na kwa takriban theluthi mbili yao kilichoachwa kilikuwa gozi. Waliosalia waliachiwa vifaa. Lakini gozi hapa kwetu tunazimudu. Zinakuja zimefungwa tano tano, tunazifungua mbele ya watu wawili, zilizotumika tunazitandaza, na idadi inaandikwa ubaoni. Trei ndiyo iliyotushinda, na kinachotushinda hakiko mikononi mwa wauguzi. Kiko kwenye mambo ambayo nyinyi peke yenu mna uwezo wa kuyaamua.

Mwenzangu aliyekuwa mezani usiku mmoja ameniruhusu nieleze yaliyotokea zamu yake, nami nayaeleza bila majina.

Aliletwa mama kutoka wodi ya wazazi, mapigo ya moyo wa mtoto yakishuka na kuchelewa kurudi. Daktari alikuwa tayari, mtaalamu wa usingizi akachoma ganzi ya mgongoni, na rana wetu, yule muuguzi wa nje ya meza anayefungua vifurushi na kuandika, akaifungua trei ya upasuaji wa uzazi. Orodha iliyokuwa ndani ya kifurushi ilisema vipande 42. Hakukuwa na nafasi ya kuhesabu. Mtoto alikuwa anachoka. Rana akaandika 42 kwenye fomu kwa kunakili orodha, na kazi ikaanza. Mtoto alitoka amelegea, halii. Rana huyo huyo ndiye aliyempokea, akamkausha, akaanza kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa, akiwa na mgongo kwa meza. Mji wa mimba ukafungwa katika dakika hizo hizo. Hesabu iliyotakiwa kabla ya kuufunga haikufanyika, kwa sababu aliyetakiwa kuhesabu na muuguzi wa mezani alikuwa anaokoa uhai wa mtoto, na alifanya sawasawa.

Mtoto alilia. Daktari alipokaribia kuushona ule utando mgumu wa tumbo, mwenzangu akahesabu peke yake. Akapata 41. Ateri zilizopinda, koleo zile za kubana mishipa ya damu, orodha ilisema ni 8, naye alikuwa na 7.

Akasema kwa sauti: “Daktari, ateri moja siioni, naomba usifunge.” Daktari hakubisha, nampongeza kwa hilo. Akasimamisha kushona, akapitisha mkono pande zote mbili za tumbo, nyuma ya mji wa mimba na karibu na kibofu. Hakugusa chuma. Wakahesabu tena wawili, rana akiwa amerudi: 41. Wakapekua ndoo ya gozi, mashuka, sakafu, chini ya mguu wa mama, ndani ya mikunjo ya shuka iliyoning'inia. Hakuna kitu. Ganzi ya mgongoni hudumu saa moja na nusu hadi mbili hivi, na wakati huo mama alikwisha anza kusema anahisi kuvutwa. Mtaalamu wa usingizi ikambidi amwongezee dawa ya mshipani. Mashine ya eksirei iko jengo lingine, haihamishiki, na mtaalamu wake hulala nyumbani. Daktari akaamua kumfunga mama, akaandika kwenye faili kwamba hesabu haikukamilika, na picha ikapigwa asubuhi. Haikuonyesha chuma chochote.

Ateri ile ilipatikana wodi ya wazazi. Ilikuwa imeazimwa siku iliyotangulia kubania kitovu cha mtoto, ikaoshwa huko huko, ikawekwa kwenye kifurushi cha kuzalishia. Haikuwahi kuingia thietani usiku ule.

Mlipopata taarifa, nasikia wengine wenu mlisema mambo yaliisha salama. Naomba mlitazame tena. Mama yule alikaa na tumbo wazi muda ambao hakuhitaji kukaa, mikono ikipita ndani yake mara ya pili na ya tatu, akapewa dawa ambayo hakuihitaji, akalala hadi asubuhi hajui kama ana chuma tumboni. Yote hayo ni kwa ajili ya kifaa ambacho hakikuwepo. Muuguzi wa mezani alihesabu vizuri, daktari alisikiliza vizuri. Iliyokuwa mbovu ni ile 42. Haikuwa hesabu, ilikuwa nakala.

Sasa ligeuzeni kidogo. Tuseme aliyepanga trei ile mchana alikuta ateri imelala peke yake karibu na sinki, akaiongeza kwenye trei kwa nia njema bila kugusa orodha. Trei ingekuwa na vipande 43 na karatasi ingesema 42. Ateri moja ingebaki nyuma ya mji wa mimba. Mwisho wa kazi muuguzi angehesabu mezani akapata 42, angetazama karatasi akaona 42, angemwambia daktari hesabu imetimia, na tumbo lingefungwa mbele ya watu wote waaminifu, kila mmoja akiwa na hakika. Hakuna ambaye angepekua ndoo. Hakuna ambaye angeomba picha. Mama angerudi baada ya wiki au miezi na maumivu, au utumbo ulioziba, na faili lake lingesema kila kitu kilihesabiwa.

Hili silibuni ili kuwatisha. Utafiti ule wa 2003 ulikuta kwamba katika visa vya vitu vilivyosahaulika ambavyo hesabu ilifanywa, asilimia 88 viliandikwa kuwa hesabu ni sahihi. Wapo wanaoitumia namba hiyo kusema kuhesabu hakuna faida. Mimi naisoma vingine. Hesabu ya mwisho ni kutoa: ulichoanza nacho, ukajumlisha kilichoongezwa, ukatoa kilichopo mezani. Anayefunga duka jioni bila kujua droo ilikuwa na kiasi gani asubuhi hawezi kujua kama ameibiwa, hata akizihesabu noti mara kumi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Namba ya mwanzo ikiwa ya kunakili, kazi yote ya mwisho inajengwa hewani, na watu wanaoifanya kwa bidii ndio wanaodanganyika zaidi.

Kwa hiyo naomba niwaeleze hesabu ya mwanzo inatakiwa iweje, kwa sababu nimegundua baadhi yenu mnadhani ni kusoma jumla.

Wanahesabu wawili, muuguzi wa mezani na rana, wote wakitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wa mezani anakigusa au kukitenga kila kifaa, anakitaja jina na kuhesabu kwa sauti. Rana anafuata kwa macho na kuandika palepale, aina moja baada ya nyingine. Ateri zilizopinda 8. Ateri zilizonyooka 4. Koleo za Alisi 4. Koleo za Green-Armytage 4. Akikatizwa katikati, kwa simu au kwa daktari anayeulizia glavu, aina ile inaanzwa upya kutoka moja, haiendelezwi kutoka ilipoachwa. Hesabu ya chumba cha utakasaji, aliyoifanya aliyepanga trei kabla ya kuiingiza kwenye mashine ya mvuke, ni msaada mzuri, lakini haichukui nafasi ya hii. Kati ya kufungwa kwa kifurushi na kufunguliwa kwake tumekwisha ona mengi.

Kwa nini kwa aina na si jumla? Chukueni mfano huu. Katikati ya kazi daktari anaomba alisi ya ziada, rana anafungua kifurushi kidogo cha kifaa kimoja na kuitoa, na kwa haraka haiandiki. Ateri moja inabaki ndani. Mwisho jumla ni 42, ileile ya mwanzo. Ukisoma jumla pekee, yote sawa. Ukisoma kwa aina, unakuta alisi 5 badala ya 4 na ateri 7 badala ya 8, na hapo hapo unajua kuna makosa mawili yaliyofichana. Jumla husamehe makosa ya namna hiyo, majina hayasamehi.

Halafu kuna vifaa ambavyo si kipande kimoja. Ritrakta ya Balfour, tunayoitumia kuliweka tumbo wazi linapofunguliwa kwa kirefu, ina fremu, mikono ya pembeni, jembe la katikati, na nati yenye masikio inayolibana jembe hilo. Nati ile ni ndogo kuliko ncha ya kidole gumba, na hulegea kifaa kinapovutwa huku na huku. Kwenye orodha yetu ya sasa imeandikwa “Balfour 1”. Anayehesabu mwisho akiona fremu iko mezani anaandika 1, nati iwepo isiwepo. Ndivyo ilivyo pia kwa bomba la kufyonzea lenye ala ya nje yenye matundu: ala hubaki, bomba huchomolewa, na orodha inasema “bomba 1”. Vipande vinavyotengana vinatakiwa kuandikwa kimoja kimoja, na baada ya kazi kila ncha itazamwe kama ni nzima. Koleo iliyoingia na meno mawili ikatoka na moja imehesabika kuwa moja, na jino liko mahali fulani.

Hesabu inayofuata hufanywa kabla ya kufunga ogani yenye uwazi, kama mji wa mimba, nyingine kabla ya kuanza kulifunga tumbo, na ya mwisho ngozi inapofungwa. Muuguzi akipokewa zamu katikati ya kazi, inafanywa nyingine. Zote hufuata njia moja: tunaanza kwenye kidonda chenyewe na pembeni yake, tunakwenda kwenye toroli iliyo juu ya miguu ya mgonjwa, kisha meza ya nyuma, kisha vilivyotoka nje ya eneo safi, vilivyoanguka au vilivyotupwa kwenye beseni. Njia ikiwa ileile kila siku, hata aliyechoka saa tisa usiku haruki mahali.

Sasa niseme ninachowaomba.

La kwanza ni trei yenyewe. Trei ya upasuaji wa uzazi ikomewe. Yaani iwe na orodha moja isiyobadilika, iliyokubaliwa na madaktari na sisi, na isitoke kitu wala kuingia kitu bila orodha kuandikwa upya na kusainiwa. Wodi ya wazazi haiazimi kwa ubaya. Inaazima kwa sababu vifurushi vyake vya kuzalishia havina koleo za kutosha za kitovu. Wapeni zao. Kipande kimoja kimoja kinachotoka thietani kwenda wodini kinaharibu trei nzima, na kukirudisha baadaye kunaiharibu mara ya pili, kwa sababu hakuna anayejua kimerudi kwenye trei ipi. Tuna trei tatu za uzazi, zote zinaitwa kwa jina moja, na nikizifungua leo zote tatu nina hakika hazitalingana.

Pia ipunguzwe. Vipande 42 ni vingi kuliko tunavyotumia. Vibanio vya mashuka viko 6, tunatumia 4. Kuna mikasi ambayo daktari yeyote wa hapa hajaishika. Trei hii ilirithiwa kutoka enzi ambazo kila upasuaji ulifanywa kwa trei moja kubwa, na kila kifaa kisicho na kazi ndani yake ni sekunde za kuhesabu tunazozikosa wakati mtoto anachoka. Tengenezeni trei ya dharura yenye vipande 25 hivi, vimepangwa kwenye pini kwa aina, na kifurushi cha pili cha akiba kando chenye hesabu yake, kisichofunguliwa hadi kihitajike. Trei iliyopangwa hivyo wawili wanaihesabu wakati ngozi inapakwa dawa na mashuka yanatandazwa. Niko tayari kulionyesha mbele yenu kwa saa ya ukutani.

Zipo dharura ambazo hata hilo halitawezekana, mama anavuja damu na anakwenda. Hapo hesabu inaachwa, na iwe hivyo. Lakini isiandikwe namba ya kunakili. Iandikwe “haikuhesabiwa”, na mgonjwa huyo apigwe picha kabla hajatoka thietani au mara tu anapoweza kuhamishwa. Neno hilo moja lililoandikwa kwa ukweli lina thamani kuliko 42 ya uongo, kwa sababu linamwambia anayepokea kwamba kuna jambo bado linadaiwa.

La pili ni mtu. Kwenye upasuaji wa kumtoa mtoto, rana hawezi kuwa pia mpokeaji wa mtoto. Dakika ambazo mtoto anamhitaji na dakika ambazo hesabu ya kabla ya kufunga mji wa mimba inafanyika ni dakika zilezile, na si kwa bahati mbaya: mtoto akitoka, kinachofuata ni kondo, kisha kushona. Kila mara tutakapompa mtu mmoja kazi hizo mbili, mtoto atashinda, na inatakiwa ashinde. Naomba iandikwe kuwa kanuni kwamba mkunga aliyekuwa na mama wodini anaingia naye thietani, anampokea mtoto na kubaki naye. Najua usiku wodi ina wakunga wawili na kumtoa mmoja ni mzigo. Sijifanyi kwamba ni bure. Ila mzigo huo upo tayari. Kwa sasa tumeubebesha mgonjwa aliyelala mezani.

La tatu ni fomu. Fomu yetu ina kisanduku kilichoandikwa “Hesabu ya vifaa ni sahihi: Ndiyo / Hapana”. Sijawahi kuona “Hapana” imewekewa alama, hata usiku wa ateri ile. Daktari aliandika pembeni kwa mkono wake. Kiondoeni. Wekeni jedwali lenye jina la kila aina na nafasi nne za namba: mwanzo, kabla ya kufunga ogani, kabla ya kufunga tumbo, mwisho, na safu moja ya vilivyoongezwa. Mtu anaweza kuweka tiki bila kutazama. Ni vigumu zaidi kuandika 8, 4, 4, 4 bila kutazama, na ukiwa umekosea, aliye karibu anaona umekosea wapi. Orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 inamtaka muuguzi athibitishe kwa mdomo, kabla mgonjwa hajatoka, kwamba hesabu za vifaa, gozi na sindano zimekamilika. Sisi tumeibandika ukutani karibu na mlango. Kinachotakiwa kusemwa kwa mdomo ni hizo namba.

La nne ni gumu kidogo, na naomba mnivumilie. Muuguzi anaposema “naomba usifunge”, anamwambia daktari aliyemzidi cheo asimame. Usiku ule daktari alisimama. Si kila usiku. Nimewahi kumsikia daktari akisema, “Hesabuni tena, mtaiona,” huku sindano ikiendelea kupita kwenye utando. Kuhesabu tena wakati tumbo linafungwa ni kumtafuta mtu ndani ya nyumba huku mlango unapigwa misumari. Naomba iwepo amri ya maandishi yenye sahihi ya Mganga Mkuu, ibandikwe thietani, iseme: hesabu isipotimia na hali ya mgonjwa ikiruhusu, kufunga kunasimama, daktari anapapasa na kutazama ndani, wauguzi wanapekua nje, isipoonekana, inapigwa picha, na anayesema isimame halaumiwi, hata kifaa kikipatikana chini ya meza. Amri hiyo haitengenezi daktari mzuri kutoka kwa asiyesikia. Ila inampa muuguzi mdogo wa zamu ya usiku kitu cha kuonyesha kwa kidole.

Kuhusu picha, mtaalamu wa eksirei awepo kwenye orodha ya wanaoitwa usiku kama alivyo mtaalamu wa maabara. Chuma huonekana wazi kwenye picha, hilo halina shida, lakini picha inabidi ichukue tumbo lote, kutoka kiwambo cha pumzi hadi chini ya nyonga, na mara nyingi hiyo ni picha mbili. Kwenye karatasi ya kuomba iandikwe kinachotafutwa ni nini: “ateri iliyopinda”, au “nati ya Balfour”, si “kifaa cha upasuaji”. Nati ile kwenye picha inafanana na kivuli chochote kidogo cheupe, na asiyeambiwa atafute nini anaweza kuipita. Nati nyingine kama ile ikipigwa picha kando yake, msomaji ana cha kulinganisha.

Jambo dogo la mwisho ambalo halihitaji kikao. Taka na mashuka yasitoke thietani hadi hesabu ya mwisho iandikwe. Hivi sasa mhudumu wa usafi anaelekezwa aanze kubeba mara mtoto anapotoka ili chumba kiwahi kuandaliwa. Tukipungukiwa na kifaa, robo ya mahali pa kutafuta imekwisha kwenda kwenye tanuri la taka au kufulia. Na chumba cha utakasaji nacho kihesabu trei inapopokelewa, kabla ya kuilowesha, kwa fomu ileile iliyotoka nayo thietani. Wakikuta pungufu saa hiyo, mgonjwa bado yuko chumba cha kuamkia na mashuka bado yako kwenye kapu.

Wiki ijayo ni zamu yangu ya mchana. Naomba ruhusa nizifungue trei zote tatu za uzazi pamoja na mwenzangu wa chumba cha utakasaji, tuzihesabu kwa aina, na niwaletee karatasi yenye safu tatu: orodha inasema nini, kilichomo ni nini, na kilichozidi au kupungua kiko wapi kama tutakipata. Mkishaiona karatasi hiyo, ndipo tuzungumze kuhusu mkunga, amri na eksirei.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa chumba cha upasuaji